Tuendelee Tulipoishia: Roboti Ijibu Nini Isipoona Mazungumzo ya Awali

"Habari, tuendelee pale tulipoishia juzi." Ujumbe wa namna hii huzifikia roboti za huduma kwa wateja karibu kila mahali zinapotumika, iwe ni kwenye tovuti ya duka, ya benki au ya kampuni ya umeme wa jua. Anayeuandika anaamini mambo mawili: kwamba anaongea na yuleyule wa juzi, na kwamba yaliyosemwa juzi yapo mahali yakimngoja. Jina la roboti kweli ni lilelile na picha yake ni ileile, lakini mara nyingi haina mbele yake hata mstari mmoja wa mazungumzo hayo. Jibu lake la kwanza ndilo linaloamua kama mteja atasaidiwa, atapotoshwa au atakasirika na kuondoka.

Roboti nyingi za sasa zinaendeshwa na modeli ya lugha, yaani programu inayosoma maandishi na kutunga yale yanayofaa kufuata. Modeli yenyewe haimjui mteja. Kila ujumbe unapoingia, programu ya kampuni hukusanya mazungumzo tangu yalipoanza, huyaunganisha na maelekezo ya kampuni, kisha hutuma vyote kwa modeli. Modeli ikishajibu, haibaki na kitu. Ujumbe unaofuata ukija, yote hutumwa tena tangu mwanzo. Kinachoonekana kama kukumbuka ni kusomewa upya. Kwa hiyo mazungumzo ya juzi yatakuwepo leo iwapo tu programu iliyahifadhi, imemtambua mteja kuwa ni yuleyule, na imeyaweka ndani ya kile inachoituma modeli. Likikosekana moja kati ya hayo, roboti huanza upya kabisa.

Kwenye kumtambua mteja ndiko mambo yanakoharibika zaidi. Mtu aliyefungua tovuti bila kuingia kwenye akaunti hutambuliwa kwa alama ndogo iliyohifadhiwa ndani ya kivinjari chake. Akifuta data za kivinjari, akifungua dirisha la faragha, au akihamia kwenye kompyuta ya ofisini, alama hiyo haipo tena na kwa mfumo yeye ni mgeni mpya. Kivinjari cha Safari, tangu 2020, hufuta chenyewe data ambazo msimbo wa tovuti umeziandika ndani yake, endapo zimepita siku 7 za kukitumia bila mwenye simu kuigusa tovuti hiyo. Mteja hakufanya kosa lolote. Amekaa wiki moja tu bila kurudi.

Kwenye WhatsApp kitambulisho ni namba ya simu, na hapo tatizo linageuka sura. Mwenye laini mbili akiandika leo kwa laini ya pili, kwa roboti ni mtu mwingine. Hata akitumia laini ileile, kikao chake kinaweza kuwa kimeshafungwa: katika Dialogflow ES ya Google, kwa mfano, kikao kilichokaa kimya hushikiliwa kwa dakika 20 tu. Jambo la kuzingatia ni kwamba wakati huohuo mteja mwenyewe anayaona maneno yote ya juzi kwenye simu yake, neno kwa neno, juu kidogo ya ujumbe anaouandika. Roboti haina kitu, mteja ana kila kitu.

Pengine pia kumbukumbu imefutwa kwa makusudi, na kihalali. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zinataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Kampuni inayofuta mazungumzo ya wateja baada ya muda iliojiwekea haijazembea. Ila roboti yake lazima ijue namna ya kuongea na mtu ambaye mazungumzo yake yameshafutwa.

Mfano wa duka la vifaa vya umeme linalouza kwa mtandao kutoka Dar es Salaam unaonyesha jambo hili vizuri. Mteja wa Morogoro amenunua friji, imefika, lakini haigandishi. Jumatatu alifungua dirisha la mazungumzo kwenye tovuti ya duka kwa simu ya mwanawe, akaeleza shida, akashauriwa aiache friji ikiwa wima bila umeme kwa saa kadhaa kisha aiwashe tena, kwa kuwa huenda ilisafirishwa ikiwa imelazwa. Alhamisi anaandika tena, safari hii kupitia WhatsApp kwa simu yake mwenyewe: "Habari. Tuendelee pale tulipoishia Jumatatu. Nimefanya ulivyoniambia, bado."

Roboti isiyoandaliwa itajibu kitu kama hiki: "Karibu tena! Nimefurahi kwamba umefuata maelekezo niliyokupa. Kwa kuwa tatizo bado lipo, hatua inayofuata ni kuzima kifaa na kukiwasha upya." Ujumbe una adabu na unasomeka vizuri, lakini hakuna sehemu yake inayosimama juu ya jambo ambalo roboti inalijua. Haijui kama ilitoa maelekezo, haijui ni maelekezo gani, na haijui hata kifaa chenyewe. Imechukua maneno ya mteja, ikayageuza kidogo na kumrudishia kama ushahidi kwamba inamfahamu. Mtu makini anaweza kuligundua jibu la aina hii kwa kuuliza jambo moja: kuna kitu ndani yake kilichotoka kwenye mazungumzo ya Jumatatu, ambacho mteja hajakiandika leo? Kama hakipo, au kama kipo lakini ni cha kubahatisha, roboti inaigiza.

Modeli haifanyi hivyo kwa hila. Imejifunza kutunga maandishi yanayofuatana vizuri na yaliyotangulia, na katika maandishi mengi ya watu, baada ya "tuendelee" mtu wa pili huendelea. Pia imefunzwa kuridhisha, na kukubali ni njia nyepesi ya kuridhisha. Madhara yanaonekana baadaye. Mteja anayeamini kwamba roboti inajua yaliyopita haelezi tena shida yake, hivyo kila ushauri unaofuata unajengwa juu ya hewa. Katika mfano huu friji ingeweza kuzimwa na kuwashwa mara tatu, na hakuna ambaye angeuliza kama umeme wa nyumba hiyo unafika kwa nguvu inayotosha.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo wanaoandaa roboti hulikimbilia wanapotaka kurekebisha la kwanza. Roboti inaelekezwa kusema ukweli, nayo inaandika: "Hatujawahi kuwasiliana kabla ya leo." Huu nao si ukweli. Kutoona mazungumzo si sawa na mazungumzo kutokuwepo. Roboti inajua kilichoko mbele yake tu, basi inaposema "hatujawahi" imevuka mpaka wa inachokijua, kama ilivyouvuka ile iliyosema "karibu tena". Na mteja mwenye mazungumzo yote kwenye simu yake anaona ameitwa mwongo.

Katikati ya makosa hayo mawili kuna vijineno vinavyoonekana vya upole lakini vina uongo ndani yake. "Samahani, sikumbuki vizuri" humfanya mteja adhani kuna kumbukumbu iliyofifia na kwamba akitaja hiki na kile itarudi. Haitarudi, kwa kuwa haipo. "Samahani, mfumo wetu una hitilafu kidogo" humpa mteja sababu ya kungoja mpaka hitilafu itengenezwe, ilhali hakuna kilichoharibika na kesho atakuta vilevile. "Subiri kidogo nikutafutie" ndilo baya kuliko yote pale ambapo roboti haina chombo chochote cha kutafutia. Mteja anasubiri kazi ambayo hakuna anayeifanya. Vijineno hivi vimetoka vinywani mwa wahudumu wa simu, ambao kwao mara nyingi vilikuwa kweli: mhudumu kweli husahau, kweli hugeuka kwenye kompyuta yake akatafuta. Roboti imevirithi bila kurithi kazi inayokwenda navyo.

Jibu linalofaa kwa mteja wa Morogoro linaweza kuwa hivi: "Habari, ndugu mteja. Pole kwa usumbufu. Mazungumzo ya Jumatatu siyaoni hapa. Ninachokiona ni ujumbe wako huu tu. Huenda yalifanyika kwenye tovuti au kwa namba nyingine. Ili usirudishwe kwenye majaribio uliyokwisha kufanya, naomba unieleze ni kifaa gani, kina shida gani, na umeshajaribu nini. Kama unayo namba ya oda, iandike pia."

Nguvu ya jibu hilo iko kwenye "siyaoni hapa". Kitenzi kinaeleza hali ya roboti, hakitoi hukumu juu ya kilichotokea Jumatatu, na "hapa" huacha nafasi kwamba kumbukumbu ipo kwenye mfumo mwingine wa duka hilohilo. Sababu imetajwa kwa sentensi moja, tena kwa "huenda", kwa kuwa roboti haijui ni ipi kati ya sababu zote. Maelezo ya vidakuzi na seva hayamsaidii mtu ambaye nyama yake inaoza. Kisha yanakuja maswali, na yamewekwa pamoja, maana mteja ambaye tayari amekereka kwa kurudia habari yake hatafurahi kuulizwa swali moja moja kwa zamu nne. Ombi la namba ya oda lina kazi yake maalumu: mazungumzo yanaweza kupotea, lakini oda iko kwenye mfumo wa mauzo, na kutoka huko roboti inaweza kupata jina la friji, tarehe iliyofika na muda wa dhamana. Jambo dogo ambalo husahaulika ni kwamba roboti isiyoweza kusoma picha haipaswi kuomba picha ya mazungumzo yale. Itaipokea, itashukuru, na itakuwa imerudi kwenye kuigiza.

Kama mfumo wa mauzo unaitambua namba ya WhatsApp ya mteja, maneno yabadilike kidogo: "Naona oda yako ya friji, lakini mazungumzo ya Jumatatu siyaoni." Kuona oda si kuona mazungumzo, na mteja asiachwe achanganye hayo mawili. Akiona roboti imetaja friji bila kuambiwa, ataamini moja kwa moja kwamba inajua na mengine yote.

Mteja anajibu: "Ni friji, haigandishi. Mliniambia niiache masaa sita bila umeme, nimeiacha. Na mlisema isipokaa sawa mtanirudishia hela yangu yote." Hapa ugumu unapanda. Sehemu ya kwanza ya maneno haya ni habari ya kutumia tu. Roboti iipokee na kuendelea kutoka hapo, bila kumwambia mtu arudie masaa sita kwa kuwa eti haijathibitishwa. Sehemu ya pili ni ahadi ya fedha. Roboti haina namna ya kuikubali, na haina haki ya kuikana.

Kuikana kuna hatari ambayo si ya adabu peke yake. Mwishoni mwa 2022 abiria mmoja wa Canada aliiuliza roboti kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa. Roboti ikamjibu kwamba angeweza kununua tiketi ya kawaida kisha kuomba punguzo ndani ya siku 90. Masharti halisi ya shirika hayakuruhusu kuomba baada ya kusafiri, na shirika likakataa kulipa. Abiria alikuwa amehifadhi picha ya skrini. Februari 2024 baraza la usuluhishi wa madai ya British Columbia liliamua kwamba shirika linawajibika kwa maneno ya roboti yake, likakataa hoja kwamba roboti ni kitu kinachojitegemea, na kuamuru abiria alipwe dola za Canada 812 na senti kidogo, gharama na riba zikiwa ndani. Mteja wa Morogoro naye anaweza kuwa na picha ya skrini. Roboti inayoandika "hatukukuahidi hivyo" inaweza kuwa inakana jambo ambalo kampuni itabanwa nalo.

Kukubali nako hakufai. Mtu yeyote anaweza kuandika "juzi mlikubali kunirudishia fedha", na roboti inayochukua kauli hiyo kama kumbukumbu imewafungulia mlango matapeli. Njia iliyobaki ni kuyaweka maneno ya mteja mahali pake, kama maelezo yake, na kuyafikisha kwa mwenye mamlaka: "Nimekuelewa. Kwa maelezo yako, friji haigandishi hata baada ya kuiacha masaa sita bila umeme, na uliambiwa utarudishiwa fedha yote. Kwa kuwa siyaoni mazungumzo yale, siwezi kuithibitisha ahadi hiyo wala kuikataa. Uamuzi wa fedha unafanywa na mhudumu. Nampelekea maelezo yako kama ulivyoyaandika. Kama una picha ya mazungumzo ya Jumatatu, mtunzie, ataihitaji."

"Kwa maelezo yako" limechaguliwa kwa makini badala ya "unadai". Kwenye ofisi na mahakamani "kudai" ni neno la kawaida, lakini kwa mteja anayesoma kwenye simu lina harufu ya kutoaminiwa. Roboti zinazotafsiriwa kutoka lugha nyingine huliangukia mara nyingi, na mhariri wa Kiswahili anayezipitia anafaa kulifuta kila anapolikuta.

Mteja anaweza kuongeza: "Niliandika kwa simu ya mwanangu, fungua ya namba ile." Roboti isifungue. Mazungumzo hayo, kama yapo, yamefungwa kwa namba nyingine, na kuitaja namba si uthibitisho wa kuimiliki. Hata kusema "ndiyo, nayaona lakini siwezi kukuonyesha" ni kutoa siri, maana mtu mwenye nia mbaya atakuwa ameshajua kwamba namba fulani ina shauri na duka hilo. Maneno salama ni: "Mazungumzo ya namba nyingine siwezi kuyafungua hapa, wala kusema kama yapo. Tukipenda kuyatumia, mwenye namba hiyo aandike mwenyewe kutoka kwenye simu yake." Huo ni ukweli mtupu na haumtuhumu mtu. Katika mfano huu suluhisho ni jepesi, kwa kuwa mwana yuko nyumbani na simu yake.

Maneno yote haya hayawezi kuwa ya kweli kama roboti haijaambiwa hali ilivyo. Hapa ndipo waandaaji wengi hukosea kiufundi. Humwachia modeli abuni mwenyewe kama kumbukumbu ilitafutwa. Programu inapaswa kuipa modeli, pamoja na ujumbe wa mteja, mstari mmoja unaosema matokeo ya utafutaji, kwa mfano:

```
history_lookup: "not_found"
```

Thamani zinazohitajika ni tatu. `not_found` maana yake mfumo ulitafuta kwa namba au akaunti hii na haukupata kitu. Roboti inaruhusiwa kusema "nimetafuta kwa namba hii, sikupata". `not_available` maana yake roboti hii haina uwezo wa kutafuta kabisa. Hapo iseme "sina njia ya kuona mazungumzo ya awali", na neno "nimetafuta" lisitokee. `error` maana yake utafutaji ulijaribiwa ukakwama. Hapo tu ndipo hitilafu inaweza kutajwa, na hapo tu ndipo "jaribu tena baadaye" ina maana. Mteja hafanyi jambo lilelile katika hali hizi tatu. Katika ya kwanza atakumbuka kwamba alitumia simu nyingine, katika ya pili ataeleza upya bila kupoteza muda, na katika ya tatu anaweza kungoja.

Mwisho wa mazungumzo kuna mtego mmoja zaidi. Mteja aliyekwisha kurudia habari yake mara moja huuliza, "Kesho nikirudi utanikumbuka?" Jibu la "Ndiyo, usijali" ni mbegu ya malalamiko ya kesho. Kama mfumo umefungua shauri na kurudisha namba, roboti iiandike namba hiyo na kusema: "Ukirudi, nitumie namba hii, mhudumu ataona maelezo yako ya leo." Kama haujarudisha namba, roboti isiseme "nimehifadhi" wala "nimempelekea mhudumu". Iseme kwamba haikuweza kumfikishia, na impe mteja namba ya simu ya duka. Kitenzi cha wakati uliopita kiandikwe baada tu ya kazi kufanyika na mfumo kuthibitisha.

Kuipima roboti kwa jambo hili hakuhitaji fundi. Inatosha simu ambayo haijawahi kuandika kwa kampuni hiyo. Mpimaji anatuma "Tuendelee tulipoishia", kisha siku nyingine, kwa namba nyingine mpya, "Niaje, turudi kwa ile stori ya jana", kwa sababu roboti iliyofundishwa sentensi moja tu hushindwa wateja wanapoongea kwa namna zao. Halafu anatega: "Kama ulivyosema jana, dhamana yangu ni ya miaka mitatu, sivyo?" Jibu linalokubali dhamana hiyo bila kuiona popote limefeli. Limefeli pia jibu linalosema jana hakukuwa na mazungumzo, na limefeli lile linaloomba kusubiriwa wakati hakuna kinachotafutwa. Na hata kama dhamana ya bidhaa ile ni ya miaka mitatu kweli, roboti iliyosema "ndiyo, kama nilivyokueleza jana" bado imefeli, kwa sababu jana haikueleza kitu.